Barua moja ya kuomba refarensi, wasomaji wawili: utafsiri mstari kwa mstari au uiandike upya?

Nianze na hali yenyewe maana ukiijua hali ndo utajua uchague nini. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alimaliza digrii yake hapahapa Mwanza 2019, na risachi yake ya mwaka wa mwisho ilikuwa ya dagaa, yaani wanaoanikwa mchangani wanaharibika kiasi gani ukilinganisha na wanaoanikwa kwenye chanja, data zake kachukua mwaloni Kirumba na kwenye vimwalo vidogo vya huko Ilemela. Sasa hivi anaomba masters Ujerumani, dedilaini 15 Julai, na wanataka barua ya mapendekezo ya mhadhiri aliyemsimamia. Mhadhiri mwenyewe ni Mtanzania, mtu wa Ukerewe, ila siku hizi anafundisha chuo kikuu kimoja hukohuko Ujerumani. Mdogo wangu akamwandikia kwa Kiswahili kama anavyomjua, na dokta akajibu siku ileile kwa wasap, marahaba binti, nimefurahi sana, barua nitaandika, ila hilo ombi nitumie na kwa Kijerumani maana sekretari wa idara ndo anayeandaa letahedi na muhuri na lazima ombi likae kwenye faili.

Kwa hiyo barua moja, wasomaji wawili. Dokta anayesoma Kiswahili na anamkumbuka binti, na sekretari ambaye hajui Mwanza iko wapi na kazi yake ni kuangalia nani anaomba nini, kwa lini, na karatasi gani zimeambatanishwa. Mimi kazi yangu ni kutafsiri, na watu wengi wananiletea barua za namna hii wakiwa wanasitasita kati ya njia mbili: ihamishwe mstari kwa mstari ili isipotee kitu, au iandikwe upya kwa ajili ya huyo msomaji mwingine. Nitaziweka zote mbili hapa pembeni kwa pembeni kwa kutumia barua hii hii, kwa ruhusa yake.

Barua ya Kiswahili ilikuwa hivi:

"Shikamoo Dokta. Habari za huko na baridi? Natumaini wewe na familia hamjambo. Pole na majukumu. Mimi ni binti yako wa mwaka 2019, yule wa dagaa. Dokta naomba nikusumbue kidogo. Nataka kuendelea na masomo huko Ujerumani na wanataka refarensi ya mwalimu wangu wa chuo, nikaona hakuna mwingine zaidi yako maana wewe ndo ulinilea kwenye risachi na kwenye fildi. Nilimaliza na GPA ya 4.1. Ukipata nafasi naomba uniandikie. Kama kuna la kuuliza unaweza kunipigia hata saa tatu usiku, huwa niko macho. Nitashukuru sana, Mungu akubariki. Mwanao."

Mi naipenda hii barua. Kwa msomaji wake imekaa sawa, ina adabu, imemkumbusha dokta kitu kimoja tu, dagaa, na hicho kimoja kilitosha kumrudisha miaka yote ile. Upungufu wake kwa Kiswahili ni mmoja, haina tarehe.

Njia ya kwanza, mstari kwa mstari. Kuna jamaa yake aliyewahi kusoma Kijerumani alishaigeuza hivyo kabla haijanifikia, na hakufanya uzembe, kila sentensi ya Kiswahili ilikuwa na mwenzake wa Kijerumani na sarufi ilikuwa safi. Nikaisoma kama mtu asiyejua Kiswahili, halafu nikairudisha Kiswahili ili mdogo wangu aone sekretari ataona nini. Ikawa hivi: mtoto wa kike wa huyu daktari, aliyezaliwa au sijui alitokea mwaka 2019, anamwonea huruma baba yake kwa sababu ana majukumu, anataka barua kutoka kwa mwalimu wake wa shule, alilelewa na huyo daktari kwenye shamba, alipata alama 4.1, na baba anaweza kumpigia simu saa tisa za usiku wa manane. Mdogo wangu alinyamaza kabisa. Kila neno lake lilikuwepo na hakuna hata moja lililofika.

Nianze na hilo la udugu maana ndo linaweza kuua maombi kabisa. Kwetu binti yako, mwanao, kijana wako, ni heshima, unamwambia mkubwa wako kwamba alikulea kitaaluma na wewe hujasahau. Ukiliandika kwa Kijerumani au Kiingereza lilivyo, karatasi inasema uzazi. Na refarensi ya ndugu haina thamani, kamati ikihisi mwandishi ni baba wa mwombaji hiyo barua inawekwa pembeni, na mbaya zaidi nakala ya ombi lenye neno hilo imekaa kwenye faili la idara ya dokta mwenyewe, yaani umemwachia yeye mzigo wa kueleza. Kwenye njia ya pili undugu wote unageuka kuwa uhusiano wa kazi unaoweza kuhesabika: ulinisimamia risachi yangu ya digrii ya kwanza kuanzia mwezi fulani mpaka mwezi fulani, na ulinifundisha masomo haya mawili. Adabu haipotei, inahamia kwenye anwani ya salamu. Kijerumani unaandika `Sehr geehrter Herr Dr.` halafu jina la ukoo, na unatumia ile nafsi ya heshima mwanzo mpaka mwisho. Angalia hapo, jina la ukoo. Sisi tunasema dokta na jina lake la kwanza na hakuna anayeona vibaya, kule cheo kinakaa na jina la ukoo, na kama ni mwanamke salamu inabadilika inakuwa `Sehr geehrte Frau Dr.`, kwa hiyo hakikisha unajua kabla hujaandika, usibahatishe.

Shikamoo haina mwenzake, usiitafute. Pole na majukumu nayo hivyohivyo. Watu wananiambia dada nitaonekana sina adabu nikianza na shida yangu moja kwa moja, nawaelewa, na mimi mwanzoni ilinisumbua, lakini kwa yule sekretari mistari minne ya kujuliana hali kabla ya ombi inamfanya atafute ombi liko wapi, na akiwa na imeili nyingine nyingi anaweza asilifikie. Mstari wa kichwa cha imeili wenyewe ndo uwe ombi: `Bitte um ein Empfehlungsschreiben`, halafu jina lako, halafu tarehe ya mwisho. Basi.

Maneno ya chuoni ndo yanadanganya kimyakimya. Mwalimu wangu wa chuo, kwa Kiswahili kila mtu anaelewa ni mhadhiri wa chuo kikuu. Ukilipeleka Kijerumani kama mwalimu wanakuandikia `Lehrer`, huyo ni wa shule, na mtu mwenye udaktari wa falsafa ameshushwa cheo na mwanafunzi wake mwenyewe. Mhadhiri ni `Dozent`. Chuo nacho kwetu kinaweza kuwa veta, kinaweza kuwa cha ualimu, kinaweza kuwa chuo kikuu, kwa hiyo andika jina kamili la chuo kikuu kama lilivyo kwenye cheti chako, usilitafsiri. Na fildi, jamani fildi. Fildi ni mafunzo kwa vitendo, wao wanaita `Praktikum`, na unataja wiki ngapi na wapi. Yule jamaa aliandika neno la shamba, ndo maana binti akaonekana amelelewa shambani.

Hata lile neno la kuombea lenyewe linahitaji uangalifu. Wengi tunasema refarensi, wengine rekomendesheni, na wengine barua ya utambulisho, na hii ya mwisho ndo hatari maana barua ya utambulisho ni ile ya mwenyekiti wa mtaa, inasema fulani namfahamu anaishi kwangu. Ukiomba utambulisho utapewa utambulisho, mistari mitatu. Omba barua ya mapendekezo inayoeleza uwezo wako wa kitaaluma.

Sasa hiyo 4.1. Hapa ndo nilishika kichwa. Vyuo vikuu vyetu GPA inaishia 5.0, na 4.1 ni apa sekendi nzuri tu, kwa sababu apa sekendi inaanzia 3.5 mpaka 4.3 na fasti klasi inaanzia 4.4. Ujerumani ngazi imegeuzwa juu chini, 1.0 ndo bora kabisa, 4.0 ndo ya chini ya kufaulu, na ukivuka hapo umefeli. Kwa hiyo mtu anayesoma 4.1 tupu bila maelezo anasoma kwamba huyu hakufaulu. Ukiipeleka Marekani 4.1 hiyohiyo inaleta shida nyingine, kule wengi wanahesabu mpaka 4.0, sa wewe umezidi dari. Namba inaonekana kama kitu kisichohitaji tafsiri na ndo maana inapita hivihivi kwa kila mtafsiri wa mstari kwa mstari.

Wajerumani wana fomula yao ya kubadilisha, inaitwa fomula ya Bavaria iliyorekebishwa. Nmax ni alama ya juu kabisa kwenye mfumo wako, Nmin ni ya chini ya kufaulu, Nd ni yako. Kwetu ya chini ya kufaulu ni 2.0. Ya mdogo wangu inatoka hivi:

```
x = 1 + 3 × (Nmax − Nd) / (Nmax − Nmin)
x = 1 + 3 × (5.0 − 4.1) / (5.0 − 2.0)
x = 1 + 3 × 0.3 = 1.9
```

1.9 kwao ni alama nzuri. Angalia umbali uliopo kati ya kusomeka amefeli na kusomeka 1.9, ni namba ileile. Ila usikimbilie kuandika 1.9 kwenye barua kama vile ndo alama yako, chuo kinachokupokea ndo kinafanya hesabu hiyo chenyewe, na wewe ukiandika namba isiyokuwepo kwenye transkripti wataona hazifanani. Unachoandika ni 4.1 kati ya 5.0, ambapo 5.0 ndo ya juu na kufaulu kunaanzia 2.0. Mstari mmoja tu huo. Fomula itumie wewe kimoyomoyo ujue umesimama wapi.

Saa ndo mtego mwingine, na huu unatupata sisi tu kwa sababu saa yetu inaanza kuhesabu alfajiri. Saa tatu usiku ni 21:00. Yule jamaa aliandika saa tatu kama ilivyo, yaani 3:00 usiku, ambayo ni saa tisa usiku yetu. Halafu kuna tofauti ya majira, kipindi cha Juni na Julai Ujerumani iko saa moja nyuma yetu, wakati wa baridi yao inakuwa saa mbili. Kwa hiyo andika kwa tarakimu na utaje ni ya wapi: 21:00 saa za Mwanza, sawa na 20:00 kwenu. Na hii inagusa mpaka dedilaini, maana kama mfumo unafungwa saa sita usiku ya kwao kuingia tarehe 16 Julai, kwetu hiyo ni saa saba usiku, una saa moja ya ziada, ila mi siwezi kumshauri mtu aitegemee na umeme wetu huu.

Na ukipata nafasi. Kwetu ni adabu tupu, hakuna mtu anamwambia mhadhiri wake fanya kabla ya tarehe fulani, na dokta naye anaelewa kwamba ukipata nafasi maana yake nina haraka ila nakuheshimu. Sekretari anaelewa ilivyoandikwa: hakuna haraka. Inawekwa chini ya zingine. Kwenye njia ya pili unatoa tarehe mbili, tarehe ya mwisho ya chuo, na tarehe yako unayoomba barua iwe imetumwa, ambayo iwe wiki moja kabla, na unaomba angalau wiki tatu au nne kabla ya yote hayo. Pia unampa mlango wa kukataa, kwamba kama muda hautoshi naomba unijulishe mapema. Kule huo mlango ni heshima. Huku mtu hakatai waziwazi, anasema nitaangalia, na ukisikia nitaangalia mara mbili bila kuulizwa transkripti yako iko wapi anza kutafuta mhadhiri mwingine, anayekusudia kuandika huwa anauliza makaratasi.

Njia ya pili ilipokamilika, ukiirudisha Kiswahili inasomeka hivi:

"Mheshimiwa Dokta (jina la ukoo), nakuomba barua ya mapendekezo ya kitaaluma kwa ajili ya maombi yangu ya shahada ya uzamili. Tarehe ya mwisho ni 15 Julai, na ningeshukuru kama barua ingetumwa kabla ya 8 Julai. Ulisimamia utafiti wangu wa shahada ya kwanza mwaka 2019 kuhusu upotevu wa dagaa wa Ziwa Victoria, *Rastrineobola argentea*, wakati wa kukausha. Nilihitimu na wastani wa 4.1 kati ya 5.0, ambapo 5.0 ndiyo ya juu na kufaulu kunaanzia 2.0. Nimeambatanisha transkripti, muhtasari wa utafiti na maelezo ya programu. Barua inapakiwa kupitia linki utakayotumiwa na chuo kwenye imeili yako ya kazi. Kama muda hautoshi, naomba unijulishe. Napatikana kwa simu hadi 21:00 saa za Mwanza, sawa na 20:00 kwenu. Wako kwa heshima."

Hilo jina la kisayansi mi ndo nililiongeza, maana dagaa ukisema tu dagaa hata Tanzania kwenyewe utaulizwa wa Victoria au wa Kigoma, ni samaki tofauti, na ng'ambo ya ziwa Kenya wanawaita omena. Jina la kisayansi halitafsiriwi na kila mtu wa fani anaelewa. Na imeili ya kazi nayo ina sababu, vyuo vingi vinaitilia shaka refarensi inayotoka kwenye imeili ya kawaida ya kila mtu, na ile linki ya otomatiki mara nyingi inaangukia kwenye spamu, kwa hiyo mwambie mhadhiri aitafute huko.

Sasa ulinganisho wenyewe. Kwa barua ya ombi mi nachagua kuandika upya, bila kusita. Gharama yake ni kwamba lazima ukae na mwenye barua, umuulize ulisimamiwa kuanzia lini, fildi wiki ngapi, linki inatumwa na nani, mstari kwa mstari hauulizi hayo yote na kazi inaisha jioni ileile. Ila kuandika upya kuna mpaka: unabadilisha mpangilio, hubadilishi ukweli. Huongezi somo ambalo dokta hakukufundisha.

Na usifanye kosa la kinyume chake. Mdogo wangu alipoona toleo la pili limenyooka akataka kulirudisha Kiswahili amtumie dokta kama lilivyo, aonekane profesheno. Nikamwambia hapana kabisa. Mtu aliyekuitikia marahaba binti, ukimtumia Mheshimiwa nakuomba kabla ya 8 Julai, kama barua ya kudaiwa kodi ya nyumba, ataanza kujiuliza amekukosea nini. Barua ya kwanza aliyokwishamtumia inabaki ilivyo, tulimtumia tu mstari mmoja wa kuongezea: "Dokta, mwisho wao ni tarehe 15 Julai, nikaona nikuambie mapema usije ukabanwa."

Mstari kwa mstari nao una mahali pake, na hapo ndo lazima, kwenye hati. Cheti, barua ya serikali ya mtaa, chochote kilichotolewa kwa Kiswahili na kinatakiwa kama ushahidi, hapo hurekebishi hata kosa la tahajia, linahama na kosa lake, muhuri unaelezwa uko wapi na unasomekaje. Na hiyo hujifanyii mwenyewe. Kuna watafsiri walioapishwa huko Ujerumani, na kwetu BAKITA wanatafsiri na kuthibitisha tafsiri, ila kabla hujalipa uliza chuo kinakubali ya nani. Transkripti na cheti cha digrii za kwetu mara nyingi vimeshaandikwa kwa Kiingereza na vyuo vingi vinavipokea hivyohivyo, usilipie usichodaiwa. Barua ya ombi haihitaji kuthibitishwa na mtu yeyote.

Kijerumani au Kiingereza? Angalia sekretari anajibu kwa lugha gani na programu inafundishwa kwa lugha gani. Kama dokta asingetaja Kijerumani ningeandika Kiingereza, maana mdogo wangu anakijua na angeweza kujibu maswali mwenyewe bila kunisubiri mimi. Mitego ni ileile, binti, mwalimu, fildi, 4.1, saa tatu.

Tuliituma 17 Juni. Sekretari alijibu baada ya siku mbili, mistari miwili tu, anaomba tarehe kamili za kuanza na kumaliza risachi, na kwa kuwa tulishakaa tukazitafuta kwenye daftari lake la fildi, lile lenye madoa ya maji ya mwaloni, jibu lilikwenda saa ileile. Wiki iliyofuata dokta akapiga, saa tatu usiku ya kwetu, anataka kukumbushwa chanja zile zilikuwa na urefu gani kutoka chini, na neno la kwanza alilosema lilikuwa binti, hujambo?